Video ya arobaini ya dada: kichwa na maelezo tuandikeje?

*Mama, shikamoo.*

*Dada yangu mkubwa alifariki mwezi uliopita kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa muuguzi mkunga wilayani Pangani kwa miaka 26, na ndiye aliyenisomesha. Arobaini yake inakaribia. Nimetengeneza video ya dakika 11 yenye picha zake, sauti alizokuwa akitutumia WhatsApp na wimbo wa kwaya ya parokiani kwao. Video yenyewe imekamilika. Kilichonishinda ni maneno ya kuiwekea YouTube, yaani kichwa na maelezo yanayokaa chini yake.*

*Nyumbani kila mtu ana lake. Binamu yangu ana chaneli yenye wafuasi wengi, anataka iwekwe huko kwa kichwa hiki: "VILIO NA SIMANZI! Safari ya Mwisho ya Sista Mariamu 😭💔 UTALIA". Anasema bila hivyo hakuna atakayeifungua. Baba mkubwa anataka "Wasifu wa Hayati Bi. Mariamu, Afisa Muuguzi Msaidizi Mwandamizi", kisha lifuate jina la baba, la mume na idadi ya watoto. Anasema tukifupisha tutakuwa tumemdharau. Mama yetu ni Mwislamu. Dada alizaliwa katika Uislamu, akabatizwa alipoolewa, akazikwa Kikatoliki. Mama anataka maneno yaanze na Inna lillahi, shemeji anataka Raha ya milele.*

*Mimi ningependa tuutaje ugonjwa wazi, kwa kuwa dada mwenyewe alikuwa akiwahimiza akina mama wakapime. Shemeji hataki utajwe, anasema ni kwa ajili ya watoto. Wako watatu, na wa mwisho ana miaka 9. Ndugu wengine wako Muscat, wao wataiona kwenye simu tu.*

*Naogopa kuandika neno litakaloumiza mtu. Nishauri.*

*Mdogo wa marehemu, Tanga*
*(Majina tumeyabadilisha.)*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kuondokewa na dada aliyekusomesha ni kuondokewa na dada na mzazi kwa pamoja, na naona umeibeba kazi hii kwa uangalifu wa mtu anayelipa deni la upendo. Mungu awape subira nyote, na ampe mama yako nguvu.

Kabla hatujagusa neno lolote, fikiri kwanza maneno hayo yatawafikiaje watu. Wengi wa ndugu zako hawatakwenda YouTube kumtafuta dada. Watatumiwa kiungo kwenye kundi la ukoo, na kiungo kikifika WhatsApp huja na picha moja na kichwa cha video, na mara nyingi na mwanzo wa maelezo pia. Mtu atayasoma hayo akiwa kwenye daladala, au akiwa kazini Muscat, na atayasoma hata asipoifungua video. Mama yako ataonyeshwa na mjukuu. Kwa hiyo kila unalopendekeza lijaribu hivi: je, likitokea peke yake kwenye simu ya mama, bila wewe kuwa pembeni ya kumweleza, atalisoma na kubaki ametulia?

Jaribio hilo linatusaidia kuondoa neno moja ambalo hukulitaja, lakini nimeona familia nyingi zikiliweka kwa mazoea: "Tanzia". Tanzia hutangaza kifo. Likitokea leo kwenye kundi la ukoo, watu watashtuka wakidhani kumefia mwingine. Siku ya arobaini mnakumbuka, hamtangazi. Na kama yuko ndugu wa mbali ambaye mnadhani taarifa ya msiba haikumfikia, apigiwe simu kabla kiungo hakijatumwa, asije akajua kifo cha dada yake kupitia kichwa cha video.

Sasa binamu yako. Anasema hakuna atakayeifungua. Muulize kwa upole, bila kumkejeli: nani huyo ambaye hataifungua? Mama aliyejifungulia mikononi mwa Mariamu ataifungua kwa sababu ya jina. Mwenzake waliosoma naye uuguzi ataifungua kwa sababu ya jina. Ndugu watafungua bila kuitwa. Maneno kama "vilio" na "simanzi" yameshika kwenye chaneli za habari kwa sababu zinawaita watu wasiomjua marehemu, na mtu asiyemjua huhitaji kutekenywa ndipo abonyeze. Nyinyi mnamhitaji mtu huyo? Huenda mnamhitaji, kama mngetaka video ifike mbali kwa ajili ya elimu ya afya. Lakini hilo ni lengo jingine, na inafaa familia ilijue kabla ya kuchagua maneno.

Iko hatari nyingine katika kichwa hicho. Kinaahidi kilio, na video yako, kama ulivyoieleza, ina picha zake na sauti yake. Mgeni aliyekuja kuona watu wakilia makaburini hatakuta alichoahidiwa, na watu wa namna hiyo ndio huacha maoni yenye maneno makavu. "UTALIA" nalo linamwamuru mtazamaji ahisi nini, wakati mwingine angetabasamu akisikia sauti ya Mariamu akimgombeza mtu kwa mapenzi. Na herufi kubwa tupu husomwa kama kelele. Zaidi ya yote, mtoto wa mwisho ana miaka 9. Iko siku ataandika jina la mama yake kwenye simu yake mwenyewe. Fikiria ni sentensi ipi ungependa imkute hapo.

Hata hivyo binamu yako ana hoja moja ya kweli, na ungemwonea kama ungeitupa pamoja na zile nyingine: kichwa kiwe na maneno ambayo watu huyatafuta. Hapo tunafika kwenye jambo ambalo naona mmelipita haraka, nalo ni jina.

Wanawake wetu huishi na majina kadhaa kwa wakati mmoja. Dada yako ana jina la baba lililo kwenye vyeti vya shule, huenda ana la mume alilotumia kanisani, mtaani ni Mama Fulani, kazini ni Sista. Kila kundi linamjua kwa moja. "Sista Mariamu" ni jina lenye joto, na kwa mtu wa Pangani halina utata. Lakini msomaji wa mbali, hasa akijua kwamba alizikwa Kikatoliki, anaweza kudhani ni mtawa. Neno "mkunga" likikaa karibu yake, utata unaondoka. Jina la "Mama Fulani" nalo linafaa kufikiriwa mara mbili, kwa kuwa linamtaja mtoto kwa jina mbele ya watu msiowajua. Na tahajia iangalieni: Mariamu, Mariam na Maryam ni maandishi matatu tofauti kwa anayetafuta. Kichwani tumieni ile iliyo kwenye kitambulisho chake, kisha kwenye maelezo ile nyingine mwitaje mara moja, ndani ya sentensi ya kawaida.

Nikijaribu kuyaweka hayo pamoja, naona vichwa kama vitatu. Sikuchagulii. Nakuonyesha kila kimoja kinabeba nini.

"Kumkumbuka Mariamu, Mkunga wa Pangani (1976–2025)". Miaka nimeikisia kwa kufuata muda aliofanya kazi, wekeni ya kweli. Hiki kina herufi 49 ukihesabu nafasi na alama, kwa hiyo hata mkiongeza jina la baba bado kitakuwa kifupi. Kifo hakitajwi, miaka miwili ile inatosha kusema. Kinamweka kwenye kazi yake na mahali pake. Udhaifu wake ni kwamba kina utulivu mwingi, na mtu wa nyumbani anaweza kuona kama kimeandikwa na ofisi.

"Sista Mariamu, mkunga wetu: picha na sauti yake". Hiki kina ukaribu, na kinamwambia mtazamaji kwamba atasikia sauti. Hilo si dogo, kwa sababu kusikia sauti ya marehemu bila kutarajia humshtua mtu. Mama yako, kwa mfano, anastahili kujua mapema. Udhaifu wake ni lile neno "wetu": mume anaweza kuhisi kwamba mke wake amegeuzwa mali ya wilaya nzima.

"Arobaini ya Mariamu: Maisha na Sauti Yake". Hiki ni cha familia hasa, na siku hiyo kila mtu ataelewa. Ila kinaifunga video kwenye siku moja. Mwakani mkifanya kumbukumbu ya mwaka mtakuta kichwa kimepitwa, ingawa kukibadilisha ni rahisi, nitakueleza baadaye.

Kama wako ndugu watakaoona uchungu kutokana na miaka ile, ulizeni mapema. Watu wa rika la dada yako wengi wana mwaka mmoja kwenye vyeti na mwingine kichwani mwa mama. Mama akisema cheti kilikosewa, msimbishie hadharani. Mnaweza kuiacha miaka na kuandika "mkunga wa Pangani kwa miaka 26", hakuna atakayeikosa.

Baba mkubwa sasa. Nadhani unamsoma kama mzee anayependa vyeo, na labda ni kweli. Lakini jaribu kumsikiliza upande mwingine. Kwa kizazi chake, wasifu unaosomwa msibani ndiyo mara ya mwisho mtu kutajwa kwa ukamilifu: ni mtoto wa nani, alisoma wapi, alifika daraja gani. Kufupisha hayo kwake ni kama kumzika mtu bila kutaja ukoo wake. Hofu yake ina heshima ndani yake, na haihitaji kushindwa. Inahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo ni kwenye maelezo. YouTube haipokei kichwa kinachozidi herufi 100 pamoja na nafasi, na kwenye simu hata hizo 100 hazionekani zote, nyingi hukatwa. Chukua simu ukae naye, uandike kichwa chake kama alivyokisema, na mtazame pamoja kinapokatikia. Akiona kwamba jina la baba yake limemezwa na nukta tatu, nadhani mwenyewe atataka lihamishiwe mahali linaposomeka. Maelezo yanapokea herufi 5,000, kwa hiyo wasifu wote anaoutaka unaingia bila kupunguzwa.

Kuhusu "Hayati", magazeti na redio zimetuzoesha kulisikia kwa viongozi wakubwa wa nchi, kama Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Kumwita hivyo mkunga wa wilaya, wapo watakaoona ni heshima aliyoistahili, na wapo watakaoona limempandisha mahali ambapo yeye mwenyewe asingekaa. "Marehemu" halina mgogoro huo, na ndani yake mna dua ya kumwombea rehema. Pia inawezekana kabisa kutotumia hata moja, ukaandika jina lake tu na vitenzi vya wakati uliopita. Umjuavyo dada yako, angecheka akisikia lipi?

Kwenye maelezo, sentensi ya kwanza ina kazi nzito kuliko zote zinazofuata, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kabla mtu hajagusa sehemu ya kufungua maelezo yote. Familia nyingi huanza na "Ni kwa masikitiko makubwa…" au "Pengo lako halizibiki". Ni maneno ya kweli moyoni, lakini yameandikwa kwa marehemu wengi mno kiasi kwamba hayamtambulishi yeyote. Aliyefungua akiwa na wasiwasi kama huyu ndiye Mariamu anayemjua, hatajibiwa. Mwanzo utaje ni nani na video ina nini. Majonzi yatafuata, na watu watayahisi bila kuambiwa.

Nimekuandikia umbo la kuanzia. Yale nisiyoyajua nimeyabuni, kwa hiyo badilisha:

> Mariamu (1976–2025) alikuwa mkunga wilayani Pangani, mkoani Tanga, kwa miaka 26. Hizi ni picha zake na sauti yake, kutoka nyumbani na kazini.
>
> Alizaliwa na kukulia Tanga. Alisomea uuguzi na ukunga, akaanza kazi mwaka 1999 na kufikia cheo cha Afisa Muuguzi Msaidizi Mwandamizi. Akina mama walimwita Sista. Zamu yake ilipokwisha wakati mama yuko katikati ya uchungu, hakuondoka mpaka mtoto azaliwe, kondo la nyuma litoke na mtoto ashike ziwa.
>
> Ameacha mama, mume, watoto watatu na wadogo zake.
>
> Mama yake anasema: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.
>
> Mume na watoto wanaomba: Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.

Tazama ile sentensi ya zamu na kondo la nyuma. Nimeiweka mahali ambapo wengi huandika "alikuwa mchapakazi, mwenye upendo kwa wote". Sifa za jumla msomaji huzipita, lakini tendo moja la kweli humfanya aliyemjua aseme, "Naam, ndivyo alivyokuwa." Tafuta tendo la dada yako. Waulize wauguzi aliofanya nao kazi, watakupa zaidi ya unavyoweza kutumia. Jihadhari na mawili tu. La kwanza, sifa inayowashusha wenzake, kama "mkunga bora kuliko wote Pangani". Wenzake watakuja kwenye arobaini. La pili, kisa cha mgonjwa anayetambulika, kama mama fulani wa kijiji fulani aliyenusurika baada ya kutokwa damu. Kisa hicho ni cha mama yule, na Mariamu kwa kazi yake alikuwa ametunza siri nyingi za aina hiyo. Mtoto wa mtu akionekana wodini kwenye mojawapo ya picha zako, ruhusa ya mama yake itafutwe pia.

Umeona nilivyoziweka dua mbili. Naomba ulifikirie hili, kwa sababu barua yako inaonekana kudhani kwamba ni lazima moja ishinde. Kichwa ni cha wote, kwa hiyo kisiwe na dua ya upande wowote. Maelezo yana nafasi, na kila dua inaweza kubaki na mwenyewe: mama anasema yake, mume na watoto wanaomba yao. Hakuna anayetia maneno kinywani mwa mwingine, wala hakuna anayemrudisha Mariamu kwenye dini aliyoiacha au kumpokonya mama yake haki ya kumlilia binti kwa maneno aliyofundishwa. Hatari ipo. Huenda shemeji akaona Inna lillahi juu ya mkewe aliyebatizwa kama madai, au wazee wa msikitini wakamuuliza mama maswali. Na ipi itangulie? Ningefuata umri, mama kwanza, lakini nyinyi mnajua mila za nyumbani kwenu. Ikishindikana kabisa, "Mungu ailaze roho yake mahali pema" husemwa na pande zote mbili bila mtu kushtuka, ingawa kila upande utahisi umepungukiwa kidogo.

Nimeuacha ugonjwa mwishoni kwa sababu ndipo nyinyi wawili mlipo na uchungu mkubwa zaidi.

Wewe unataka kifo cha dada kiendeleze kazi yake. Ni nia njema, tena saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ikigunduliwa mapema inatibika. Lakini jiulize: je, Mariamu alipokuwa hai aliwaambia watu kwamba yeye mwenyewe anaumwa hivyo? Kuhimiza wengine wakapime na kutangaza ugonjwa wako ni mambo mawili tofauti, na mkunga anaweza kufanya la kwanza miaka yote huku la pili akilificha. Kama kwenye zile sauti za WhatsApp yumo akieleza hali yake kwa hiari, hapo una neno lake. Kama hayumo, unasema kwa niaba yake.

Shemeji naye anasema ni kwa ajili ya watoto. Huenda ni hivyo tu. Lakini wengi wanajua kwamba saratani hii huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na wachache wanajua kwamba kirusi hicho ni cha kawaida mno, watu wengi hukipata wakati fulani maishani na mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wasiojua, jina la ugonjwa hugeuka haraka kuwa mazungumzo juu ya tabia ya mke, na zaidi juu ya tabia ya mume. Inawezekana shemeji ameyasikia hayo tayari na hajui namna ya kukuambia. Zungumza naye mkiwa wawili, si mbele ya kikao cha familia, na usimlazimishe akiri chochote.

Ziko njia kadhaa za kuandika. Ya kwanza ni kunyamaza kabisa, kama nilivyofanya kwenye umbo la juu. Hakuna sheria ya heshima inayodai chanzo cha kifo kitajwe. Ya pili ni "baada ya kuugua kwa muda mrefu", maneno tuliyoyazoea. Sisi tuliosoma matangazo ya vifo miaka ya mwanzo ya ukimwi tunajua maneno hayo yalivyokuwa yakisomwa, na bado wapo watakaoyapokea kwa jicho hilo. Sidhani yatamfariji shemeji. Ya tatu ni kusema "saratani" bila kutaja ya wapi. Ni kweli na inatosha, ila watu watauliza, na mtoto mkubwa ndiye atakayeulizwa shuleni, kwa hiyo aandaliwe jibu. Ya nne ni kuutaja kwenye kazi yake badala ya kifo chake: "Aliwahimiza akina mama wakapime saratani ya mlango wa kizazi mapema." Hapo ujumbe wako umebaki na kifo hakijaguswa. Lakini usijidanganye wala usimfiche shemeji kwamba wasomaji wengine wataunganisha. Mwonyeshe sentensi hiyo yeye kwanza. Ya tano ni kuusema wote wazi, na hiyo inahitaji ridhaa yake, na ya mtoto mkubwa pia kama ana umri wa kuelewa.

Unapopima, kumbuka kwamba neno linaweza kuongezwa wakati wowote. Kulirudisha ndiko kugumu, maana watu watakuwa wamelipiga picha na kulisambaza. Maelezo mtakayoanza nayo arobaini hii mnaweza kuyapanua mwakani, shemeji akiwa amepata nafuu, au watoto wakikua na kulitaka wenyewe.

Hilo linanileta kwenye mambo ya mkono ambayo yatakuondolea hofu. Kichwa na maelezo hubadilishwa baada ya video kupandishwa, na kiungo hakibadiliki. Video yenyewe haiko hivyo. Ukikosea jina au tarehe ndani ya picha, utalazimika kuipandisha upya na itapata kiungo kipya. Basi uangalifu wako mkubwa uende kwenye maandishi yaliyo ndani ya video, haya ya nje yana msamaha. Vilevile video haihami kutoka chaneli moja kwenda nyingine. Ikianza kwa binamu, ndiko itakakobaki, na jina la chaneli yake litakaa chini ya jina la Mariamu kila inapofunguliwa. Kama chaneli ni ya vichekesho au umbea, litazameni hilo pamoja kabla ya kuamua. Mkikubaliana iwe kwake, mwombe aangalie maneno ambayo chaneli huyaongeza yenyewe kwenye kila video mpya. Nimeona wasifu wa marehemu ukiisha na "usisahau kulike na kusubscribe" bila aliyepandisha kujua. Matangazo ya biashara nayo yanaweza kujitokeza hata kama mwenye chaneli halipwi, kwa hiyo mwambie mama mapema, asidhani mmemuuza binti yake.

Wimbo wa kwaya utajieni jina la kwaya kwenye maelezo, lakini kutaja si ruhusa. Waombeni kwanza. Namba ya simu ya michango msiiweke, kwa sababu matapeli hunakili maelezo kama hayo, wakabadilisha namba na kuyasambaza upya kwa jina la marehemu.

Ipandishe siku chache kabla, iwe ya wenye kiungo tu. Kiungo kiende kwa shemeji peke yake kwanza, kisha kwa mama, umsomee maelezo kwa sauti. Utamjua kwa anavyopumua wapi pana neno la kuondoa. Baada yao, baba mkubwa. Wakiridhika ndipo mnaamua pamoja kama itafunguliwa kwa watu wote au itabaki ya ukoo. Maoni ya watazamaji yawekwe yasubiri kupitishwa, na kazi ya kuyapitia mpe binamu yako. Anaijua kuliko yeyote nyumbani kwenu, na naye amempoteza dada.